Vitatu Mara Moja, au Kimoja Mara Tatu?

Tuseme ni asubuhi, katika kituo cha afya kimoja mkoani Kigoma. Anaingia mama wa miaka arobaini hivi, amejifunga kitenge, mkono mmoja umeshika ubavu. Ni mkimbizi kutoka Burundi. Anaongea Kirundi, na Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu na bei za sokoni. Nyuma yake ameingia mumewe, anayekijua Kiswahili kwa sababu amewahi kufanya vibarua upande huu wa mpaka. Tabibu ni kijana wa Morogoro. Anamtazama mume na kuuliza: "Anaumwa nini?"

Swali hilo ndilo kosa la kwanza, na limefanyika kabla hata jina la mgonjwa halijaandikwa. Tabibu amemgeuza mgonjwa kuwa mtu anayesemwa ilhali yupo hapo hapo. Amempa mume kazi ya kuamua kipi kisemwe na kipi kiachwe. Nitamfuata mama huyu tangu mlangoni mpaka atakapoondoka na dawa, maana maradhi yake, kama tutakavyoona, yanagusa karibu kila mahali ambapo mazungumzo ya watu watatu huharibika.

Tabibu angeanza kwa kumtafuta mkalimani. Kwenye kambi kama Nyarugusu, ambako Wakongo wamekuwapo tangu mwaka 1996 na Warundi wakaingia kwa wingi mwaka 2015, wapo wakimbizi wanaofanya kazi kama wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na wengi wao wanazijua lugha zote mbili. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kuitwa. Mume anaweza kubaki chumbani kama mke anataka, lakini abaki kama mume.

Wapo watakaosema: mbona hapa Kigoma kila mtu anajua Kiha, na Kiha na Kirundi ni ndugu? Ni ndugu kweli, Muha na Mrundi husikilizana vizuri kabisa wakiwa sokoni. Ila udugu huo huo una hatari yake. Lugha ngeni kabisa hukulazimisha kuuliza, lakini lugha ya jirani hukufanya uamini umeelewa. Huko Florida, Marekani, mwaka 1980, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa amezimia. Ndugu zake walitumia neno la Kihispania lenye maana ya kudhuriwa na chakula alichokula. Neno hilo linafanana na neno la Kiingereza la mtu aliyelewa au kuzidiwa na dawa za kulevya, na hakukuwa na mkalimani. Akatibiwa kama aliyejizidishia dawa za kulevya, kumbe alikuwa akivuja damu kwenye ubongo. Alipona na kupooza mikono na miguu. Pale kila mmoja aliamini ameelewa, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kumwita mkalimani.

Mkalimani amefika. Kabla ya kumkaribisha mgonjwa, tabibu anahitaji naye dakika mbili faragha. Dakika hizi huonekana anasa pale foleni inapofika hadi uani, ila huokoa robo saa baadaye. Amweleze kwa ufupi shida inayodhaniwa. Ahakikishe wanaelewana kuhusu maneno machache watakayoyahitaji: makohozi, jasho la usiku, mimba, uzazi wa mpango. Kisha amwombe mambo manne: aseme kila kinachosemwa bila kufupisha, asiongeze ushauri wake, asipoelewa, asimamishe mazungumzo na kuuliza, na yanayosemwa humu yaishie humu. La mwisho alirudie mbele ya mgonjwa, mkalimani alitafsiri, mgonjwa alisikie kwa masikio yake.

Lipo swali moja ambalo tabibu wengi hulisahau: mgonjwa anamwamini huyu mkalimani? Kambini watu wanajuana. Mkalimani anaweza kuwa jirani yake, au shemeji wa mtu waliyegombana naye. Watu waliokimbia vurugu za nyumbani kwao wana sababu zao za kuogopa mtu wa upande fulani, na hawatakuambia. Kwa hiyo watambulishe, kisha mtazame mgonjwa usoni. Akiinamisha kichwa na majibu yakawa ya neno moja moja, tafuta mtu mwingine. Ikibidi tumia mkalimani wa kambi nyingine kwa simu, simu ikiwa mezani na sauti imefunguliwa, bila kumtajia jina la mgonjwa. Kwa maswali ya aibu, simu mara nyingine inafaa kuliko mtu aliyeketi mbele ya macho.

Kuhusu kukaa: tabibu na mgonjwa watazamane. Mkalimani akae ubavuni mwa mgonjwa, nyuma kidogo. Akikaa kando ya tabibu, mgonjwa ataona watu wawili wa serikali wanamhoji. Akikaa katikati, macho yote yatamwendea yeye.

Sasa mazungumzo. Tabibu amsalimie mama mwenyewe, na akiweza kusema "Amahoro" kwa mdomo wake, afanye hivyo, hata kwa matamshi ya Morogoro. Kisha aseme moja kwa moja: "Mama, nini kimekuleta leo?" Na mkalimani ajibu kama mgonjwa anavyosema: "Ninakohoa, na ubavu unanichoma." Asiseme "Anasema anakohoa." Wengi hudhani hili ni la adabu tu. Kwa Kiswahili lina uzito zaidi, kwa kuwa kiambishi chetu cha "a-" hakimtofautishi mwanamume na mwanamke, wala mgonjwa na mtoto wake. Sikiliza sentensi hii: "Anasema alitapika damu kabla hajafariki, ndipo akaanza kukohoa." Nani alitapika damu? Nani alifariki? Nani alianza kukohoa? Mkalimani akisema "Mama mkwe alitapika damu kabla hajafariki, ndipo mimi nikaanza kukohoa," habari imenyooka, na tabibu ameshajua kwamba mama huyu aliishi na mtu aliyekuwa na kifua kibovu.

Tabibu naye ana sehemu yake. Aulize swali moja, anyamaze. Tuna mazoea ya kumwaga maswali kama mahindi kwenye gunia: "Unakohoa, una homa, unatoka jasho usiku, umepungua uzito?" Mkalimani hawezi kubeba yote manne. Atauliza mawili, mgonjwa atajibu la mwisho, na wewe utaandika "hapana" kwa yote. Kwa kifua kikuu maswali hayo ni ya lazima, ila yapite moja moja: kikohozi kimefika wiki mbili au zaidi? Usiku unatoka jasho mpaka nguo zinalowa? Nguo zimeanza kukulegea? Umewahi kuona damu kwenye makohozi? Sentensi fupi, halafu kimya cha kumpa mkalimani nafasi.

Kupunguka kwa maneno ndiko kosa linalotokea zaidi. Mwaka 2003 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Marekani uliosikiliza kanda za wagonjwa 13 wa Kihispania wakihudumiwa kupitia wakalimani. Humo walihesabu makosa 396, wastani wa 31 kwa kila mgonjwa, na zaidi ya nusu yalikuwa maneno yaliyoachwa. Pale ambapo anayetafsiri hakuwa mkalimani wa kazi hiyo, makosa yenye uwezo wa kumdhuru mgonjwa yalikuwa sehemu kubwa zaidi. Hao hawakuwa watu waongo. Mtu asiyefundishwa hufupisha akidhani anasaidia.

Dalili za kufupisha zinaonekana hata na mtu asiyejua neno moja la Kirundi. Mama ameongea dakika nzima, ameshika ubavu, ameonyesha vidole vitatu, ametaja jina la mtu, mkalimani anageuka na kusema, "Ana homa." Au mkalimani na mgonjwa wameanza kuzungumza wao wawili, sauti zinapanda na kushuka, halafu unaletewa jibu la "ndiyo." Au umeuliza "Lini?" ukajibiwa "Sana." Au mkalimani amejibu kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Hapo usikasirike wala usimuumbue mtu mbele ya mgonjwa. Inua mkono kidogo, useme: "Ndugu, naomba unirudishie yote aliyosema, hata yale unayoona hayahusu." Kwenye yale yasiyohusu ndiko mara nyingi alikolala marehemu mama mkwe.

Kuna maneno pia ambayo mkalimani huyatafsiri sawasawa na bado ukapotea. Kwa Kirundi "inzoka" ni nyoka, ni minyoo pia, na mtu mwenye tumbo linalosokota anaweza kusema ana inzoka. Mkalimani akikuambia "Nina minyoo," amekupa jina la ugonjwa lililotoka kwa mgonjwa, na ukiandika dawa ya minyoo umetibu jina. Uliza: "Inakufanya usikie nini, wapi, wakati gani?" Vivyo hivyo neno "ego", ndiyo. Mtu anaweza kulisema kama sisi tunavyosema "naam" kumwonyesha msemaji kwamba anasikilizwa. Mama akitikisa kichwa na kusema "ego, ego" wakati unaeleza, hujui bado kama amekubali au amekusikia tu.

Turudi kwa mama yetu. Ametajwa mama mkwe, ametajwa jasho la usiku na wiki tatu za kikohozi. Tabibu anahitaji makohozi ya kupima. Akisema kwa haraka, "Mwambie ateme kwenye kikopo," kitarudi kikopo chenye mate, na mate hayafai kwa kipimo. Maelekezo yanatakiwa yavunjwe: atoke nje penye hewa, asukutue kinywa kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, akohoe kutoka chini kifuani, kinachopanda akiteme kikoponi na kufunga kifuniko. Tabibu aonyeshe kwa mwili wake, mkono kifuani. Mkalimani asiyejua tofauti ya mate na makohozi kwa Kiswahili ataijua kwa kuona.

Kipimo kimerudi, ni kifua kikuu. Hapa ndipo mume anatakiwa kutoka chumbani, na kwa utaratibu unaotumika kwa kila mgonjwa asije akajiona anashukiwa: "Kila mgonjwa tunazungumza naye dakika chache peke yake." Sababu ni hii. Moja ya dawa za kifua kikuu, rifampisini, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na kijiti pia. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki hivyo. Tabibu lazima aulize mama anatumia njia gani. Wako wanawake waliowekewa kijiti bila mume kujua. Ukiuliza kupitia mume, au kupitia mwanawe wa miaka kumi na mbili, utajibiwa "Hatumii," kisha baada ya miezi michache utakuwa na mgonjwa wa kifua kikuu mwenye mimba ambayo hakuitaka. Au mume atajua siku hiyo hiyo, na kitakachotokea nyumbani hakitaandikwa kwenye faili lako. Mambo haya, pamoja na vipimo vya virusi vya Ukimwi na maswali ya kupigwa nyumbani, hayapiti kwa ndugu. Kama mkalimani mwanamke yupo, aitwe yeye.

Kuhusu watoto sina maneno mengi: mtoto asitumike. Lugha anaweza kuwa anaijua kuliko wazazi, lakini kumpa mtoto kazi ya kumwambia mama yake kwamba ana kifua kikuu ni kumtwisha mzigo usio wake. Dharura inabaki dharura. Mgonjwa akiletwa anavuja damu na hakuna mwingine, muulize mtoto mambo ya mwili tu, yaani panapouma, ilianza lini, dawa gani amemeza, dawa gani zinamdhuru. Mkalimani akipatikana, anza upya.

Sasa dawa. Mama ana kilo 44. Kwa uzito wa kilo 38 hadi 54, dozi ya mtu mzima katika miezi miwili ya kwanza ni vidonge vitatu vya mchanganyiko wa dawa nne, vimezwe vyote kwa pamoja, mara moja kwa siku. Lakini mama huyu, kama sisi sote, amezoea bahasha za dawa zilizoandikwa 1×3, kimoja mara tatu. Mkalimani naye amezoea hivyo. "Vitatu, mara moja" inaingia sikioni na kutoka "kimoja, mara tatu," wala hakuna aliyehisi kosa. Dawa hizi zimepangwa kumezwa kwa pamoja ili zifike kwa wingi kwenye damu kwa wakati mmoja. Zikigawanywa asubuhi, mchana na jioni hazifiki kiwango hicho.

Kwa hiyo namba zisiachiwe maneno peke yake. Tabibu apange vidonge vitatu mezani, avikusanye kwenye kiganja kimoja, aonyeshe mkono ukienda mdomoni mara moja, kisha aonyeshe jua linavyochomoza. Halafu lifuate lile ambalo, kama ningelazimishwa kuacha mengine yote, nisingeliacha: mgonjwa arudishe alichosikia. Asiulizwe "Umeelewa?" Swali hilo lina jibu moja tu, "ego." Aambiwe hivi: "Mama, mimi nimeeleza kupitia mtu mwingine, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utamezaje hizi dawa? Nionyeshe." Namna hii kosa likiwapo linakuwa la aliyeeleza, na mama haoni kwamba anapewa mtihani. Mkalimani atafsiri anachosema mama na asimsaidie. Mama akichukua kidonge kimoja, akakiweka upande wa asubuhi na viwili akavisogeza pembeni, umeligundua kosa mezani kwako, na unaeleza tena kwa njia nyingine.

Arudishe na mambo mengine mawili. Kwanza, mkojo utabadilika rangi uwe wa chungwa au mwekundu, kwa sababu ya dawa. Asiyeambiwa hudhani anakojoa damu na kuacha dawa wiki ya kwanza. Pili, matibabu ni miezi sita hata kama kikohozi kitaisha mapema. Mengine yasubiri. Mkalimani mzuri huchoka, na mgonjwa aliyepewa habari nzito leo hawezi kubeba mambo kumi.

Mama akishatoka, mwachie mkalimani dakika moja. Muulize kama kuna kitu kilimshinda kutafsiri, au alichokiona wewe hukukiona. Lakini usimuulize kama mgonjwa anasema kweli. Hiyo si kazi yake. Kisha kwenye faili andika lugha ya mgonjwa, kwamba alihudumiwa kupitia mkalimani, na mkalimani ni nani. Bila maandishi hayo, zamu ya usiku itamkuta mama huyu na kuanza tena na "Anaumwa nini?"

Baada ya siku 14 mama anarudi. Alipewa vidonge 42. Tabibu anafungua pakiti, anakuta hakuna kilichobaki, anaandika kwamba dawa zinamezwa vizuri. Hesabu hiyo haimwambii kitu. Vitatu mara moja ni vitatu kwa siku, na kimoja mara tatu ni vitatu kwa siku. Siku 14 zikiisha, pakiti ni tupu kwa njia zote mbili. Lazima aulize namna vilivyomezwa, na hata hapo achague maneno. Kwa Kirundi "ejo" ni jana na ni kesho pia. Kitenzi ndicho huonyesha ni ipi, na mkalimani ambaye Kiswahili chake si kizuri anaweza kuchagua neno lisilo lake. Ukimuuliza mama alimezaje jana, unaweza kujibiwa jinsi atakavyomeza kesho, yaani lile somo ulilomfundisha mwenyewe. Muulize: "Leo asubuhi, kabla hujaja hapa, ulimeza vingapi?" Na umwekee vidonge mezani aonyeshe kwa mkono.